Kupanga vitanda vya ritriti: watu wajichagulie, kamati ipange, ama kila kundi lipewe bloku yake?

Kila mwaka ikifika saa ya kanisa ama chama kwenda ritriti, kuna mjadala uleule kwa kamati: tupange nani alale wapi ama tuwaache watu wazima wajipange? Njia ni tatu hivi, nimeziona zote zikifanya kazi na zote zikiharibika, na wacha nizilinganishe kwa mfano mmoja ndo tusiongee hewani.

Chukua kanisa la Nairobi linaenda Limuru Ijumaa jioni mpaka Jumapili, watu 52. Ile nyumba ina jumba moja la ghorofa, graundi ina vyumba 6 vya vitanda viwili viwili, juu vyumba 8 vya vitanda viwili viwili. Kuna bweni lenye kumbi mbili, kila moja ina dabodeka 6, yaani nafasi 12, na bafu ziko nje upande wa nyuma. Halafu koteji 2, kila moja ina chumba cha kitanda kikubwa na chumba kingine cha vitanda viwili vidogo. Ukihesabu nafasi zote ni 60. Watu 52, nafasi 60, mweka hazina anasema sawa tunatosha, tuma dipoziti. Ngoja kwanza.

Hao watu 52 ni hawa. Familia tano: ya kwanza baba, mama na watoto wa miaka 4 na 7, ya pili baba, mama na katoto ka miezi 8, ya tatu mama peke yake na kijana wa miaka 11 na msichana wa 6, ya nne shosho na mjukuu wa miaka 9, ya tano baba na binti yake wa miaka 13. Kuna jozi tatu za bibi na bwana wasio na watoto. Kina mama wa miaka 60 kwenda juu ni 7 (shosho simhesabu hapo), mmoja wao anatumia kiti cha magurudumu na anakuja na mpwa wake wa kumsaidia. Wazee wanaume 3. Vijana wa miaka 18 mpaka 25, wasichana 9 na wavulana 8, na mvulana mmoja aliumia goti kwa mpira sasa anatembea na magongo. Wasichana 3 wa miaka 16 wamekuja bila wazazi. Na mhubiri mgeni.

Njia ya kwanza: wajichagulie

Unatuma linki ya Google Sheets kwa grupu ya WhatsApp, kila mtu anaandika jina mahali anataka, ama hutumi chochote na funguo zinachukuliwa risepsheni mkifika. Kamati haifanyi kazi yoyote, hakuna mtu anaweza kuwashtaki kwamba mlipendelea, na marafiki wanalala na marafiki.

Shida ni kwamba nani anafika kwanza haihusiani kabisa na nani anahitaji nini. Linki ikitumwa saa nne asubuhi, kufika saa sita vijana wameshamaliza graundi kwa sababu iko karibu na jikoni na ina netiwaki, na wale kina mama hawajafungua hata simu. Na ukingoja risepsheni ndo mbaya zaidi, manake Ijumaa jioni Waiyaki Way unaijua, basi la vijana linaweza kutoka saa nane, lakini mwenye watoto anangoja watoke shule kwanza, anafika saa mbili usiku na katoto kamelala begani anaambiwa imebaki dabodeka, kitanda cha juu. Kuna pia wale wanalipa mwisho kwa sababu wanangoja mshahara, na hiyo njia inawaadhibu kimyakimya.

Kwa kundi la watu kumi na tano hivi, jinsia moja, umri mmoja, wote wanapanda ngazi bila shida, mimi naweza kuichukua hiyo njia bila kufikiria mara mbili. Kwa hawa 52, hapana.

Njia ya pili: kila kundi lipewe bloku yake

Hapa kamati inagawa majengo, haigawi watu. Kina mama mna graundi, vijana wavulana ukumbi wa kwanza wa bweni, vijana wasichana ukumbi wa pili, familia koteji, wengine juu. Kiongozi wa kila kundi anajaza majina mwenyewe. Kitu kizuri hapa ni kwamba yule kiongozi anajua vitu ambavyo fomu haitawahi kujua, anajua nani na nani hawaongei tangu ile harambee, anajua mama fulani anakoroma na mama fulani mwingine hasikii usiku, anawaweka pamoja na hakuna mtu anaulizwa kitu cha aibu.

Lakini angalia inapovunjika kwa mfano wetu. Yule kijana wa magongo yuko kundi la vijana, na bloku ya vijana ni bweni la dabodeka na bafu za nje. Kiongozi wake hana chumba cha graundi cha kumpa, graundi ni ya kina mama. Halafu shosho na mjukuu wake, hao ni kina mama ama ni familia? Koteji zinaweza kuchukua familia mbili na mna familia tano, kwa hivyo kiongozi wa familia amepewa kazi isiyowezekana. Bloku inafanya kazi vizuri kama kila mtu ana sifa moja tu. Mtu akiwa na mbili, kama kijana na majeruhi, anaangukia katikati na hakuna kiongozi anamuona.

Njia ya tatu: kamati ipange kila kitanda

Fomu inatumwa wiki tatu ama nne kabla, watu wawili wa kamati, mwanamke na mwanaume, wanakaa na spredshiti na wanamaliza. Hii ndo inaweza kutatua ile migongano, lakini ina gharama yake na watu hawaisemi. Kwanza, ukihamisha mtu mmoja unahamisha watano. Pili, kamati inashika habari za afya za watu, na nimeona ratiba ya vyumba ikitumwa kwa grupu ikiwa na safu imeandikwa "presha", "sukari", "mjamzito". Usifanye hivyo kabisa. Listi inayotoka nje iwe na jina na chumba basi, ile ingine ibaki kwa wale wawili na ifutwe mkirudi.

Na hapa fomu ndo kila kitu. Fomu nyingi zinauliza umri na kuishia hapo, halafu kamati inasema wa miaka 60 kwenda juu walale graundi. Jaribu hiyo kanuni kwa watu wetu uone. Mama wa kiti na mpwa wake chumba kimoja, shosho na mjukuu chumba cha pili, kina mama sita waliobaki vyumba vitatu, wazee wawili kati ya watatu chumba cha sita. Graundi imejaa. Kijana wa magongo yuko juu, anapanda ngazi mara nne kwa siku, na huko chini kuna mama wa miaka 61 ambaye kila Jumamosi anatembea Karura bila kuhema.

Kwa hivyo usiulize umri, uliza anachoweza. Unapanda ngazi moja bila shida? Unaweza kulala kitanda cha juu cha dabodeka? Unaamka usiku kwenda choo? Unahitaji soketi karibu na kitanda? Kuna baridi itakuletea shida ya kiafya? (Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na mwenye selimundu baridi ya usiku inaweza kumwanzishia maumivu, kwa hivyo huyo hapelekwi bweni lenye bafu nje mwezi wa saba.) Nani lazima mlale chumba kimoja? Na nafasi moja ya siri: kuna mtu hungependa kulala naye? Umri unauliza tu kwa walio chini ya miaka 18.

Ukiuliza hivyo, majibu ya mfano wetu yanabadilika. Kati ya wale kina mama sita, wanne wanahitaji graundi, wawili wanasema ngazi si shida. Kati ya wazee watatu, wawili magoti yamechoka, wa tatu anapanda vizuri ila analala na ile mashine ya kumsaidia kupumua usingizini, kwa hivyo anataka soketi, hataki graundi. Sasa graundi inakaa hivi: mama wa kiti na mpwa, shosho na mjukuu, kina mama wanne vyumba viwili, wazee wawili, na chumba cha sita kijana wa magongo na rafiki yake wa kumbebea sahani. Vitanda 12 vimeisha na hakuna aliyekosa.

Kabla ya kuandika jina lolote, enda na tepu

Hiki ndo kitu kinasahaulika zaidi. "Chumba cha chini" haimaanishi chumba kinafikika. Mwambie meneja akuonyeshe kile chumba anachosema ni cha mtu wa kiti, halafu pima mwenyewe. Fungua mlango mpaka mwisho na upime ile nafasi inayobaki wazi, kutoka uso wa mlango mpaka fremu ya upande wa pili, usipime fremu kwa fremu kwa sababu unene wa mlango unakula sentimita kadhaa. Kiti cha kawaida kina upana wa sentimita 60 mpaka 70 na mikono ya mtu iko nje ya hapo, kwa hivyo ukipata sentimita 80 wazi uko salama. Mlango wa chumba mara nyingi unapita. Wa bafu ndo unakwama, manake nyumba nyingi zinaweka mlango mwembamba huko ndani, na kuna kale kaukuta ka kuzuia maji ya shawa yasisambae, kiti hakivuki.

Angalia pia veranda. Kama kuna ngazi ya kimo cha sentimita 15, rampu ya kupanda hapo inataka urefu wa sentimita 180 hivi, yaani kila sentimita moja ya kwenda juu unahitaji kumi na mbili za kwenda mbele. Ubao mfupi wa kuegesha hapo saa ya kufika ni hatari, kiti kinaweza kurudi nyuma na mtu. Halafu tembea ile njia yote kutoka mlangoni mpaka ukumbi wa kula. Kama ni kokoto na mteremko, basi chumba kizuri kilichoko mbali ni kibaya kuliko chumba cha kawaida kilichoko karibu. Ikiwa hakuna chumba hata kimoja kinapita, bora mjue sasa na mbadilishe nyumba kabla ya dipoziti.

Koteji mpe nani?

Wengi wataipa koteji familia ya katoto kachanga kwa sababu ya huruma. Mimi siwezi. Baba, mama na katoto wanatosha kabisa kwa chumba cha vitanda viwili huko juu, cha mwisho wa koridoo ili kilio kisifike kwa wengine, mkiomba kitanda cha mtoto mapema ama waje nacho. Wale wasiotosha mahali pengine popote ni yule mama wa kijana wa miaka 11 na msichana wa 6. Watatu kwa chumba cha vitanda viwili haiingii. Kijana ni mkubwa, ukumbi wa wasichana haendi, na kumpeleka na wanaume asiowajua usiku pia hapana. Koteji inampa chumba chake na bado mama yuko ng'ambo ya mlango. Koteji ya pili ni ya ile familia ya watu wanne. Koteji ni ya wale ambao hawawezi kugawanywa.

Baba na binti wa miaka 13, hapo usiamue wewe. Waulize, na muulize binti kando pia, kwa mama wa kamati anayemwamini. Tuseme amesema anataka kulala na wale wasichana wa 16. Sawa, anaenda kwao, na baba anawekwa na mzee wa mashine kwa sababu ameandika kwa fomu kwamba halalamiki na sauti.

Kwa wote walio chini ya 18 kanuni ni moja na haina mjadala: mtoto halali chumba kimoja na mtu mzima mmoja asiye mzazi ama mlezi wake. Hata kama huyo mtu ni mwalimu wa sandeskul wa miaka ishirini. Ukumbini kwenye watu wazima kadhaa wa jinsia yake ni sawa, chumba cha wawili si sawa. Na mtoto chini ya miaka 6 asilale kitanda cha juu cha dabodeka, hata akilia anataka.

Sasa ile hesabu ya 60

Tuweke bweni. Wavulana walikuwa 8, wawili wameenda graundi, wamebaki 6 kwa ukumbi wa nafasi 12. Wasichana ni 9, ongeza wale watatu wa 16, ongeza binti wa 13, wako 13. Ukumbi wao una nafasi 12. Umeona? Nyumba ina nafasi 60 kwa watu 52 na bado kuna msichana amekosa kitanda, na ukumbi wa pili nusu uko wazi na hauwezi kumsaidia.

Huko juu tumetumia chumba kimoja cha kina mama wawili wa ngazi, kimoja cha baba na mzee wa mashine, vitatu vya mabibi na mabwana, kimoja cha katoto, kimoja cha mhubiri. Ni saba, kimebaki kimoja. Wasichana wawili wakubwa wanapandishwa hapo, ukumbi unabaki na 11. Usiwapandishe wale wa chini ya 18 eti kwa sababu ni wachache, hao waache ukumbini na dada zao wakubwa.

Nafasi zilizobaki ni 9 wala si 8, manake katoto hakachukui kitanda cha nyumba: sita za wavulana, moja ya wasichana, moja kwa koteji na moja kwa mhubiri. Zile mbili za mwisho hazihesabiki, hakuna mgeni utamweka huko. Kwa hivyo usajili ukiwa bado wazi, mnaweza kupokea wanaume sita na mwanamke mmoja. Kamati nyingi zinafunga usajili kwa jumla, zinasema tumebakisha nafasi tisa, halafu wanajiandikisha kina dada watano na ndo vurugu zinaanza. Funga kwa jinsia, na graundi uifunge kivyake.

Kwa spredshiti weka chumba kwa safu A, jina B, jinsia C (KE ama ME), na D uandike FAM kwa familia na wanandoa. Halafu chagua kuanzia A2 kwenda chini mpaka D, na kwa Conditional formatting, pale pa Custom formula is, weka hii, itapaka rangi chumba chochote ambacho kimechanganya jinsia bila kuwa familia:

```
=AND($D2<>"FAM",COUNTIFS($A:$A,$A2,$C:$C,"KE")>0,COUNTIFS($A:$A,$A2,$C:$C,"ME")>0)
```

Haishiki mambo ya umri, hayo angalia kwa macho.

Kwa hivyo uchague ipi?

Kwa kundi lililochanganyika kama hili, mimi nachukua ya tatu kwa wachache na ya pili kwa wengine. Kamati inapanga kwa mkono graundi na koteji, wale wenye mahitaji na wale chini ya 18, kwa mpangilio huo, kile kilicho adimu kabisa ndo kinaanza. Kile chumba kimoja chenye bafu inayopitika kinapewa mtu wake kabla hujafungua hata listi ya wengine. Baada ya hapo bweni na vyumba vya juu vinapewa viongozi wajaze, vijana wagombanie nani juu nani chini wenyewe, hiyo si kazi ya kamati.

Kama kundi lenu ni la wanandoa watupu kwa vyumba vya wawili, njia ya tatu ni kujisumbua bure. Kama ni shule ama kambi ya vijana ambapo karibu wote ni chini ya 18, basi kinyume, kamati ipange kila kitanda mpaka cha mwisho na wasihamehame usiku. Na kama ni kundi la wazee wengi na graundi ni ndogo, hakuna njia ya kupanga itakuokoa, tafuta nyumba isiyo na ghorofa.

Alhamisi jioni kabla ya safari simu itapigwa, msichana ambaye hajajiandikisha anataka kuja na dada yake. Angalia nafasi za wanawake, iko moja. Mmoja anaweza kuandikwa leo, wa pili aandikwe listi ya kungoja, na mhubiri asihamishwe.